Geti la kusahau: liliikamilisha LSTM au lilirudisha tatizo lilelile?

Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walipochapisha mwaka 1997 muundo wa LSTM, mtandao wa neva unaosoma mfuatano na kubeba kumbukumbu ya muda mrefu, haukuwa na geti la kusahau. Anayejifunza leo hushangaa akisikia hivyo, kwa kuwa kila mchoro anaoukuta una mageti matatu. Mwanzoni yalikuwa mawili tu, la kuingiza na la kutoa, na kilichokuwa ndani ya seli kilibebwa kutoka hatua moja hadi nyingine kikiwa kimezidishwa kwa 1 kamili. Geti la kusahau lililetwa baadaye na Felix Gers, Schmidhuber na Fred Cummins, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000. Hapo ndipo penye mjadala: wapo wanaoliona kuwa ndilo lililoufanya muundo utumike kweli, na wapo wanaosema lilifungua upya mlango ambao ile 1 ilikuwa imeufunga.

Mlango wenyewe ni huu. Mtandao wa kawaida wa kujirudia (RNN) husoma neno moja baada ya jingine na kubeba hali yake mbele. Wakati wa kujifunza, ishara ya kusahihisha makosa, yaani gradienti, hurudi nyuma kupitia hatua zilezile, na kila hatua inaizidisha. Vizidisho vikiwa chini ya 1, ishara inanywea upesi kabla haijalifikia neno lililosababisha kosa. Hochreiter alilichambua tatizo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1991, na LSTM ndiyo ikawa jibu lake.

Muundo wa sasa, ukiondoa hesabu za mageti yenyewe, ni mistari miwili:

```python
c = f * c + i * g
h = o * torch.tanh(c)
```

`c` ni kumbukumbu ya seli, `g` ni taarifa mpya inayotaka kuingia, `i` inaamua iingie kiasi gani, `o` inaamua kiasi gani kionekane nje, na `f` ndilo geti la kusahau. Kila geti ni namba kati ya 0 na 1. Katika muundo wa 1997, mahali pa `f` palikuwa na 1.

Tuchukue sentensi: "Vitabu alivyovinunua mwalimu wa shule ya jirani mwezi uliopita vimelowa." Mtandao ukitaka kukisia kitenzi cha mwisho, lazima ukumbuke ngeli ya KI-VI. Alama ya mwisho ya ngeli hiyo iko kwenye "alivyovinunua", na kati yake na kitenzi hicho kuna maneno saba, yakiwemo nomino zinazovuta upande wao. Tukihesabu neno moja kuwa hatua moja, kumbukumbu ya "vi" inazidishwa kwa `f` mara saba. `f` ikiwa 0.5 daima, kinachosalia ni chini ya asilimia 1. Ikiwa 0.95, inasalia takriban asilimia 70. Ikiwa 1, haipungui hata chembe. Gradienti inayorudi kupitia njia ya seli inapungua kwa kiwango hichohicho. (Kiswahili kinatusaidia kidogo: "alivyovinunua" limeirudia ngeli mara mbili, kwa hiyo kumbukumbu imeongezewa nguvu njiani.)

Ukiishia hapo, utasema ile 1 iachwe ilivyo. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mfuatano mfupi wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ambapo seli husafishwa kabla ya mfuatano mwingine kuanza, inatosha kabisa.

Lakini matini halisi hayaji yamekatwakatwa hivyo. Sentensi ikiisha, nyingine inafuata, na seli isiyojua kuachia inaendelea kujumlisha. Tuseme `c` imefika 10. `tanh` hubana namba yoyote iwe kati ya -1 na 1, na `tanh` ya 10 haitofautiani na 1 kwa jambo lolote la maana, na ya 12 ni vivyo hivyo, kwa hiyo taarifa mpya ikiingia, `h` haibadiliki na mtandao hauoni kitu. Mteremko wa `tanh` hapo ni karibu 0, hivyo hata gradienti inakwama mlangoni pa seli. Gers na wenzake walilionyesha tatizo hili kwa mfuatano usiokatwa: LSTM ya awali ilishindwa, na yenye geti la kusahau ikajifunza kujisafisha yenyewe inapofaa. Kwa upande huu sioni namna ya kulikataa geti. Neno "vimelowa" likishapita, ngeli ya "vitabu" haina kazi tena, na seli inapaswa kuiacha.

Ubishi unaobaki, kwa maoni yangu, ni wa mahali pa kuanzia. Geti ni sigmoidi, fomula inayogeuza namba yoyote iwe kati ya 0 na 1, na sigmoidi ya 0 ni 0.5, kwa hiyo mtandao ambao haujafunzwa huanza kwa kusahau nusu kila hatua. Unatakiwa ujifunze kukumbuka huku ishara ya kuufundisha hivyo haiyafikii maneno ya mbali. Gers na wenzake walianza na bayasi chanya kwenye geti hilo, yaani namba inayojumlishwa kabla ya sigmoidi, na mwaka 2015 Rafal Jozefowicz, Wojciech Zaremba na Ilya Sutskever walionyesha tena kuwa bayasi ya 1 inaiinua LSTM waziwazi. Maktaba ya Keras huiweka yenyewe kupitia `unit_forget_bias`. PyTorch haiweki, na ina bayasi mbili zinazojumlishwa, kwa hiyo anayejaza 1 kwenye zote mbili anapata 2:

```python
n = lstm.hidden_size
with torch.no_grad():
    lstm.bias_ih_l0[n:2*n].fill_(1.0)
    lstm.bias_hh_l0[n:2*n].fill_(0.0)
```

Hata hivyo tusiitukuze bayasi ya 1. Sigmoidi yake ni 0.73, na baada ya maneno saba inabakiza takriban asilimia 11. Inatosha ishara ifike na mafunzo yaanze, basi. Ukisoma herufi kwa herufi, pengo letu linakuwa hatua 42, na hata `f` ya 0.95 inabakiza asilimia 12 tu. Hapo bayasi kubwa zaidi ina maana.

Kuna kikomo ambacho geti haliwezi kukigusa kabisa: ukubwa wa `c` haubadiliki, iwe sentensi ina maneno 5 au 50. Mwaka 2014 Sutskever, Oriol Vinyals na Quoc Le walitafsiri Kiingereza kwenda Kifaransa kwa LSTM, na walipoigeuza sentensi ya chanzo isomwe kinyumenyume alama ya BLEU, kipimo cha ubora wa tafsiri, ilipanda kutoka 25.9 hadi 30.6. Maneno ya mwanzo ya lugha hizo mbili yalisogezwa karibu, na mtandao ukapata pa kuanzia. Ni ujanja mzuri, lakini pia unaonyesha jinsi umbali ulivyokuwa bado unaisumbua LSTM hata ikiwa na geti lake.

Kwenye modeli yako mwenyewe, `nn.LSTM` haikuonyeshi `f`, ila unaweza kupima kwa sentensi kama ile ya vitabu, ukiongeza maneno ya katikati kidogokidogo. Usahihi ukishuka taratibu kadiri pengo linavyokua, shuku kwanza uvujaji wa `f`. Ikichagua "umelowa", imefuata "mwezi", nomino ya karibu, na hapo shaka yangu huenda kwa `i`, iliyoruhusu mgeni amfunike mwenye sentensi. Kosa la namna hii halitibiwi kwa kupandisha bayasi ya kusahau. Linahitaji mifano zaidi ya mafunzo ambamo nomino ya karibu si ndiyo inayotawala kitenzi.