Esta, Kijana na Mbuzi wa Kumi

Hapa Bukavu, ukifundisha fasihi, watu wanaamini huna kazi nyingine. Ndiyo maana familia mbili za Kadutu zilizokuwa zinaandaa harusi ziliniletea shairi la ubeti mmoja, zikaniomba maelezo ya nusu ukurasa ya kuweka kwenye kitabu cha programu, "wageni waelewe". Mtunzi alikuwa mzee wa kwaya ambaye huhesabu mizani kwa vidole hata akiwa anasali. Jina la bibi harusi nimelibadilisha, ila nimetafuta lingine la silabi mbili ili nisimharibie mzee hesabu:

Tumpokee kijana, aliyempenda Esta,
Usiku hata mchana, njia ndefu akapita,
Hakuogopa fitina, wala wenye kumsuta,
Leo pete tunaona, kidole kimeipata.

Soma tena mshororo wa kwanza. Nani alimpenda nani? Kijana ndiye aliyekuwa na mapenzi kwa Esta, au Esta ndiye aliyempenda kijana? Sarufi inakubali yote mawili. Katika kirejeshi cha namna hii mtenda anaweza kukaa nyuma ya kitenzi, na kwa kuwa hapa ni mtu mmoja kwa mmoja, ile a- ya mwanzo inaweza kuwa ya kijana au ya Esta, na -m- vilevile. Ongeza kijana wa pili uone: "vijana waliompenda Esta" ni jambo moja, "vijana aliowapenda Esta" ni jambo lingine kabisa. Viambishi vimeachana, utata umekwisha. Mimi huwaambia wanafunzi wangu hivi: kama huwezi kuniwekea kidole mahali njia inapogawanyika, huo si utata wa shairi, ni usingizi wako.

Basi nikaandika. Nusu ukurasa ukawa kurasa mbili, maana kazi haiishi kwa kusema "mstari huu una maana mbili" halafu ukaenda kula. Kila usomaji lazima uupitishe kwenye mistari inayofuata, uone unalipa nini. Nikaanza na kijana mwenye mapenzi. Ni yeye anayepokelewa, kwa hiyo ni haki awe yeye aliyetembea njia ndefu. Mshororo wa 2 umekaa vizuri. Lakini ukifika wa 3 unakwama kidogo: mwanaume wa Kadutu akipenda, nani anamsuta? Wanamnunulia kinywaji.

Nikageuza, nikampa Esta mapenzi. Mshororo wa 3 ukaamka: msichana anayemwendea kijana, huyo atasutwa kuanzia kisimani hadi sokoni. Ila sasa -ka- ya "akapita" inaendeleza habari ya yule aliyependa, kwa hiyo njia ndefu, usiku na mchana, ameipita Esta. Hapo mstari wa 2 unakuwa mzito kwa wazazi wake.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona ndilo zuri kuliko yote niliyoandika. Nikauliza: je, mzee alibanwa na mizani? Nikahesabu. Angetaka kijana awe mpenda, "mwenye kumpenda Esta" ni mizani 8. Angetaka Esta awe mpenda, "aliyependwa na Esta" nayo ni mizani 8, na kina cha -ta kipo palepale. Milango yote miwili ilikuwa wazi, yeye akasimama kwenye kizingiti. Nikamalizia kwamba shairi linashikilia maana zote mbili kwa pamoja, kwamba ni mapenzi yasiyo na wa kwanza, na kwamba anayechagua upande mmoja analipunguza. Nikapeleka, wakapiga fotokopi.

Papa Esta alifika kabla sijanywa chai, karatasi imekunjwa mara nne mkononi.

"Mwalimu, yani mutoto yangu njo alimufuata kijana? Usiku?"

Nikamwambia huo ni usomaji wa pili, Papa, na wa kwanza upo juu yake, na vyote vina ushahidi. Nikamweleza kwamba hata Wazungu wanalijua jambo hili, kwamba Mwingereza mmoja, William Empson, mwaka 1930 alitoa kitabu kizima akipanga utata wa mashairi katika aina 7, na ya mwisho ni ile ambayo maana mbili zinapingana uso kwa uso.

"Aina saba," akasema Papa Esta. "Na mbuzi wangu ni kumi. Huyo Mwingereza anawapunguza tatu?"

Sikuelewa mpaka jioni, alipokuja baba mdogo wa bwana harusi na nakala yake. Huyu alikuwa ametia mstari kwa kalamu nyekundu chini ya aya ya pili peke yake. Aya ya kwanza hakuigusa, hitimisho hakulifikia. Mbuzi 9 wa mahari walikuwa wameshapelekwa, na wa 10 alikuwa amefungwa nyumbani kwao akila maganda ya ndizi.

"Mwalimu ameandika mwenyewe," akaniambia kwa furaha, kana kwamba mwalimu ni mtu mwingine. "Mutoto wao njo alipenda. Sasa mbuzi ya kumi ni ya nini?"

Hapa nitasema jambo moja la kikazi. Ukiandika juu ya utata, msomaji mwenye mbuzi hasomi hadi mwisho. Atang'oa sentensi anayoipenda, ataikimbiza kama hukumu ya korti. Siku hizi kila aya naianza kwa "kwa usomaji huu", hata kama inachosha, ili anayeing'oa aing'oe na mzizi wake.

Wote wawili wakakubaliana kwa jambo moja tu: twende kwa mtunzi. Tukapanda hadi kwake. Mzee akasikiliza, akatabasamu, akauliza kama kuna mtu ana tumbaku.

"Nilialikwa na pande zote mbili," akasema. "Na nitakula pande zote mbili."

Hakuongeza neno. Papa Esta akasema huo si ushahidi. Mimi nikasema hata angejibu, jibu lake lingekuwa usomaji mmoja zaidi, maneno ya kwenye karatasi yangebaki yaleyale. Hakuna aliyenisikiliza, na baba mdogo akaniomba nisiseme tena mpaka harusi ipite.

Wazee wakakaa usiku mzima. Kulipopambazuka wakatoa karatasi ya mapatano, iliyoandikwa na katibu wa familia, fundi cherehani, mtu asiyependa mashairi hata kidogo. Wakanipa niihakikishe tahajia tu, tahajia tu, mwalimu. Ilikuwa na sentensi moja:

"Mbuzi wa kumi abaki kwa mzee aliyemkosea Papa Esta."

Nikaisoma mara ya pili. Mzee aliyefanya kosa kwa Papa Esta, au mzee ambaye Papa Esta alimfanyia kosa? Mzee ni yuleyule, baba mdogo. Mbuzi ni yuleyule. Ila kwa usomaji mmoja Papa Esta amesamehe mtu mkorofi na kumwachia mnyama kwa ukarimu wake, na kwa usomaji mwingine amelipa faini. Nikainua macho. Papa Esta alikuwa anaitikia kichwa kama mkarimu. Baba mdogo alikuwa anaitikia kichwa kama aliyelipwa. Fundi cherehani alikuwa ananitazama mimi.

"Tahajia iko sawa," nikasema.

Wakatia sahihi.