Ukurasa wa 70 upi: wa simu au wa kitabu?

Kwenye vikundi vya darsa hapa Lamu, kitabu kilichoskaniwa hutumwa mara moja kikazagaa kwenye simu zote. Kisha anauliza mtu: "Maalim, ni ukurasa wa ngapi?" Anajibiwa "70", na kila mmoja anafungua pake. Simu huhesabu kurasa za faili kuanzia jalada, ilhali kitabu huanza 1 baada ya dibaji, ambayo mara nyingi hupewa nambari za Kirumi.

Kwa maoni yangu, jibu litangulize nambari iliyochapwa. Anayeshika kitabu chenyewe ataiona, na mtu akiskani upya bila jalada haitabadilika. Nambari ya simu ifuate, pamoja na maneno mawili matatu ya mwanzo wa ukurasa: "Kitabuni 70, kwenye simu 84, unaanza na maneno fulani." Maneno hayo ndiyo humwokoa mwenye chapa nyingine.

Kupata nambari ya simu, tafuta ukurasa uliochapwa 1. Tuseme uko wa 11 kwenye faili: tofauti ni 10, kwa hiyo 45 ya kitabu ni 55 ya simu. Lakini usiiamini tofauti hiyo hadi mwisho wa kitabu. Kukiwa na kurasa 4 za picha zisizo na nambari baada ya 64, kuanzia 65 tofauti inakuwa 14, na ndiyo maana 70 yetu iko 84. Aliyeskani akiruka ukurasa, tofauti hupungua. Basi pima karibu na ukurasa unaoulizwa, si mwanzoni tu. Pale tofauti inapogeuka, ama kuna kilichoongezwa ama kuna kilichopotea, na ni vyema kuwaambia wenzako kipi.

Walioskani kurasa mbili kwa picha moja wametuongezea kazi. Ikiwa 2 na 3 ziko pamoja kwenye picha ya 8, basi kwa 46 toa 2, gawa kwa 2, upate 22, ujumlishe 8: picha ya 30. Taja pia kama ni upande wa kulia au wa kushoto.

Vitabu vya herufi za Kiarabu vina mtego wao. Hufunguliwa kutoka kulia, na aliyezoea vya Kilatini huenda akaanza kuskani kutoka mwisho. Hapo nambari za kitabu hupanda huku za simu zikishuka, na tofauti haikusaidii kitu. Tumia jumla. Ukurasa wa 1 ukiwa wa 114 kwenye faili, jumla ni 115, na wa 30 utaupata kwenye 85. Dalili yake ni rahisi: fungua faili, na ukikuta fihiristi ya mwisho wa kitabu inatangulia Bismillahi, imeskaniwa kinyume.