Nguvu za kiume kwa simu: maneno yanatosha hadi wapi?

Mwanamume anayempigia daktari kwa sababu uume hausimami vizuri, mara nyingi anataka dawa leo hii, bila kuonekana kliniki. Wapo madaktari wanaoona hakuna ubaya, na wapo wanaoona ni hatari. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini ubishi wao huishia kwenye simu yenyewe, wakati la kupima ni hili: kipi kinajulikana kwa maneno, na kipi hakijulikani hata mgonjwa akieleza kwa uaminifu wote?

Wanaounga mkono wana jambo la msingi. Sehemu kubwa ya utambuzi wa tatizo hili hutoka kwenye maelezo. Lilianza ghafla au polepole? Uume husimama alfajiri mtu anapoamka? Husimama akiwa peke yake? Shida iko kwa mwenzi mmoja tu? Likianza ghafla baada ya mgogoro wa ndoa au kupoteza kazi, huku alfajiri mambo yakiwa kama kawaida, chanzo huwa zaidi ni hofu na msongo wa mawazo. Likija polepole kwa miezi na hata alfajiri hali ikawa hivyohivyo, fikiria mishipa ya damu, neva, homoni au dawa anazotumia. Majibu haya husikika kwa simu sawa na ana kwa ana, na kwa wengi husikika vizuri zaidi, kwa kuwa asiyetazamwa usoni haoni aibu sana. Uingereza imekwenda mbali kuliko simu: tangu 2018, sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra, ya miligramu 50 huuzwa na mfamasia bila karatasi ya daktari, baada ya kumhoji mteja.

Na asiyempata daktari hakai bure. Hununua "dawa ya asili" ya kuongeza nguvu, na mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi dawa hizo zimechanganywa na sildenafil bila kuandikwa kwenye pakiti. Anameza dawa ileile, kwa kipimo kisichojulikana, na hakuna aliyemuuliza kuhusu moyo wake.

Wanaopinga wanaanzia hapohapo kwenye moyo. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo, kwa hiyo ikianza kuharibika kwa presha, kisukari, sigara au mafuta, dalili huweza kutokea chumbani miaka kadhaa kabla ya kifua kubana. Kidonge kikifanya kazi, mgonjwa haoni tena sababu ya kupimwa, na ugonjwa unaendelea. Hoja hii naikubali, ila tuwe wakweli: wapo wanaofika kliniki wakaandikiwa dawa bila kufungwa mashine ya presha hata mara moja. Kosa ni kuandika dawa bila kupima, popote linapofanyika.

Hatari inayoweza kuua haraka ni sildenafil kukutana na dawa za jamii ya naitreti, zile anazopewa mwenye maumivu ya moyo. Zote mbili hulegeza mishipa ya damu, na zikikutana presha huporomoka. Hapa namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukiuliza "una ugonjwa wa moyo?", wengi watajibu hapana, kwa sababu wao wanajua walipewa dawa ya kifua. Uliza: "Una kidonge au dawa ya kupuliza unayoweka chini ya ulimi kifua kikibana? Unatumia isosobaidi?" Kisha omba video, na umwambie alete dawa zote zilizomo nyumbani, azipitishe mbele ya kamera pakiti moja moja. Dakika hizo mbili za video zina faida kuliko kumtazama mgonjwa uso muda wote. Swali la mwisho ni la uwezo: anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana? Asiyeweza, au aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi sita, haandikiwi kwa simu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume wa miaka 54 anapiga kutoka wilayani. Tatizo lina miezi minane, limekuja polepole, na alfajiri pia hakuna. Anasema anatumia dawa ya presha tu. Kwenye video inaonekana amlodipini, kisha tamsulosini, aliyopewa kwa tezi dume kwa kuwa huamka mara nne usiku kukojoa. Daktari haandiki kitu. Anamtuma kituo cha afya kilicho karibu apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, pamoja na sukari. Majibu yanarudi: presha 148/92, na haishuki sana akisimama, sukari isiyo ya kufunga ni milimoli 13.6 kwa lita. Mtu mwenye dalili kama kiu au kukojoa sana, akiwa na sukari ya 11.1 au zaidi, ana kisukari. Kumbe safari za usiku hazikuwa za tezi dume peke yake, na kisukari chenyewe ni chanzo kinachotosha kuelezea uume kutosimama.

Sasa dawa inaweza kuandikwa, sambamba na kuanza kutibiwa kisukari kliniki. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni miligramu 50, lakini kwa kuwa tamsulosini nayo hushusha presha, anaanza na 25, akiiacha mbali kwa saa kadhaa na tamsulosini. Anameza saa moja kabla ya tendo, si zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Anaandikiwa vidonge vinne tu, ili lazima apige tena. Aelezwe kwamba bila ashki kidonge hakifanyi kitu, na kwamba mlo wenye mafuta mengi hukichelewesha; wengi husema dawa imeshindwa kwa sababu ya haya mawili. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, au macho yakififia ghafla, aende hospitali. Kifua kikimbana, aende pia, na awaambie wahudumu kwamba amemeza sildenafil, wasije wakampa naitreti.

Faragha ni sehemu ya usalama huu. Anayesikilizwa na mke, shemeji au abiria wenzake hatataja dawa za VVU, na baadhi ya dawa hizo, zile zenye ritonavir, huipandisha sildenafil mwilini kiasi kwamba kikomo huwa miligramu 25 kwa saa 48. Kwa hiyo swali la kwanza ni "uko peke yako?" Akisema hapana, muda upangwe upya, au aulizwe maswali ya kujibu ndiyo na hapana. Picha za sehemu za siri zisiombwe ovyo: WhatsApp huweza kuzihifadhi kwenye picha za simu, na simu nyingi hushikwa na watu wawili watatu. Hata ujumbe wa malipo wenye jina la kliniki unaweza kusema siri. Kenya kwa sheria ya 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022 zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini sheria haifuti picha iliyokwisha kuonekana na mtoto.

Kuna shida ambazo simu huishia kupanga miadi tu: usaha, kidonda, uvimbe wa korodani, uume uliopinda na kuwa na uvimbe mgumu ndani, na mwanamke anayeumia wakati wa tendo. Hizo zinahitaji mikono na maabara. Kwa yule wa miaka 54, simu ya pili ni baada ya vidonge vinne, naye awe na kipimo kipya cha presha mkononi kabla ya kufikiria kupandishiwa dozi.