Hiyo Asilimia 25 Umeitoa Wapi?

Juzi rafiki yangu mmoja, meneja wa miradi, alinitumia bajeti ya ombi la ruzuku akaniomba niipitie "haraka haraka tu", maana dirisha la kuwasilisha lilikuwa linafungwa siku ya tatu. Nikafungua. Mstari wa kwanza wa mishahara: Mhasibu, asilimia 25. Yaani mradi ulipe robo ya muda wake. Nikaenda kwenye maelezo ya bajeti kutafuta sababu. Maelezo yote yalikuwa haya: "Mhasibu atasimamia fedha za mradi."

Ahsante. Nilidhani atapika.

Nilimpigia simu nikamuuliza hiyo 25 ameitoa wapi. Akacheka kidogo, akasema, "Ndugu yangu, ni makadirio." Nikambana. Ikabainika kwamba bajeti ilikuwa imebaki na nafasi kabla ya kufika dari la mfadhili, na mshahara wa mhasibu ulikuwa hauna mtu wa kuulipa mwaka ujao. Basi akaongeza asilimia mpaka namba zikakaa sawa. Hayo hayaitwi makadirio. Huko ni kuziba tundu, kisha kumwita mhasibu aje asimame juu yake.

Nimeshaona bajeti nyingi, na asilimia za muda wa watumishi zina tabia ya ajabu: ni 10, 25, 50, au 100. Hakuna mtu duniani anayefanya kazi kwa asilimia 14. Ukiona safu nzima ya namba zilizonyooka hivyo, jua hakuna aliyekaa chini akahesabu siku. Na mhakiki wa upande wa mfadhili anajua hilo kuliko wewe, kwa sababu yeye husoma bajeti thelathini wakati wewe unaandika moja.

Siku ndizo mwanzo wa yote. Asilimia ni matokeo ya hesabu, haipaswi kuwa chanzo chake. Nikamwambia rafiki yangu aache kompyuta, achukue karatasi, aandike mhasibu atafanya nini hasa kwa ajili ya mradi huu mmoja. Tukafanya pamoja kwenye simu. Kufunga hesabu za mradi kila mwezi, yaani kulinganisha taarifa za benki, kuhakiki vocha na kuandika miamala: siku 2 kwa mwezi, kwa miezi 12, siku 24. Ripoti ya fedha kila robo mwaka: siku 3 mara 4, siku 12. Kuandaa nyaraka za ukaguzi wa mradi huu, si ule wa taasisi nzima: siku 5. Kushughulikia manunuzi makubwa mawili yaliyomo kwenye mradi: siku 3. Jumla siku 44.

Sasa, siku 44 kati ya ngapi? Hapa ndipo wengi huteleza, hata wenye uzoefu. Mwaka una siku za kazi kama 260 ukiondoa Jumamosi na Jumapili. Lakini mhasibu huyu ana likizo ya siku 25, kuna sikukuu kama 10, na tuseme ataugua siku 5. Siku atakazokuwa mezani kweli ni 220. Siku 44 kati ya 220 ni asilimia 20. Ukigawanya kwa 260 utapata karibu asilimia 17, na utajiona mwaminifu kupita wote, kumbe umeiacha likizo yake bila mlipaji. Likizo ni sehemu ya gharama ya kumwajiri mtu, na kila mradi unaomtumia unapaswa kubeba fungu lake.

Tukaja kwenye fedha. Mshahara ghafi dola 1,000 kwa mwezi, mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa pensheni dola 100, bima ya afya dola 50. Gharama ya mwezi ni dola 1,150, ya mwaka ni dola 13,800. Asilimia 20 yake ni dola 2,760. Kwa ile 25 ya mwanzo ingekuwa dola 3,450. Kwa kugawanya kwa 260 ingekuwa dola 2,335, na zile dola 425 zilizopungua zingetafutwa baadaye kwenye akiba ambayo taasisi haina.

Nikamwambia sasa aandike hivi: "Mhasibu, mtu 1. Dola 1,150 kwa mwezi (mshahara 1,000, pensheni 100, bima 50) x miezi 12 x asilimia 20 = dola 2,760. Asilimia 20 ni siku 44 kati ya siku 220 za kazi: siku 24 za kufunga hesabu za mwezi, 12 za ripoti za robo mwaka, 5 za maandalizi ya ukaguzi wa mradi na 3 za manunuzi." Mistari minne. Mhakiki akitaka kupinga, atabishana na siku 3 za ripoti, na hapo una la kumjibu. Kwenye "atasimamia fedha" hakuna cha kubishania, kwa hiyo anakata tu.

Najua mtanijibu kwamba fomu nyingine zinatoa kisanduku kinachojaa baada ya sentensi mbili. Kweli. Basi andika siku na hesabu, uache maneno matamu. "Mwenye uzoefu mkubwa" haina kazi pale.

Na usinidhanie malaika. Miaka ya nyuma niliwahi kuandaa bajeti za mratibu mmoja aliyegawanywa kwenye ruzuku nne. Kila bajeti niliiandika kwa wakati wake, kila moja ilikuwa na sababu zake nzuri: 40, 30, 25, 20. Akaja mkaguzi, mtu mpole sana, akaomba bajeti zote nne aziweke mezani pamoja. Akajumlisha kwa kidole. Mia na kumi na tano. Hakusema kitu, alinitazama tu, na mimi nikatazama dirishani. Zile asilimia 15 za ziada zilirudishwa, kwa fedha ambazo hazikutoka kwa mfadhili yeyote. Tangu siku hiyo siandiki asilimia ya mtu bila kufungua kwanza jedwali la mgawanyo wa muda: majina kushoto, ruzuku juu, safu moja ya gharama za uendeshaji, na jumla ya kila mtu upande wa kulia ambayo lazima iwe 100. Maombi ambayo hayajajibiwa nayaweka kwa rangi nyingine. Likikubaliwa ombi, kuna mtu atapunguziwa kwingine, na hilo lazima lijulikane kabla ya kusaini, si baada.

Kuna mchezo mwingine unaoudhi zaidi. Bajeti ikishakubaliwa, asilimia ile inanakiliwa kwenye karatasi za muda wa kazi kila mwezi kama muhuri: 20, 20, 20, mwaka mzima. Mwezi wa ukaguzi 20. Mwezi mhasibu alipokuwa likizo wiki tatu, 20. Mkaguzi hahitaji hata kuuliza swali. Kwenye fedha za serikali kuu ya Marekani kanuni iko wazi: makadirio ya bajeti peke yake si ushahidi wa mshahara uliotozwa. Unaruhusiwa kuyatumia kwa muda, kisha unarekebisha yalingane na kazi iliyofanyika. Karatasi ya muda inatakiwa ionyeshe siku zote za mtu, za miradi yote, siyo zile za mfadhili anayeisoma tu. Ukigundua mwezi huu mhasibu alitumia siku 7 na mwezi uliopita 2, hiyo ndiyo afya. Kazi ya kweli haina umbo la rula.

Gharama za uendeshaji nazo. Rafiki yangu alikuwa ameweka asilimia 15 juu ya jumla yote, dola 120,000, akapata dola 18,000 safi. Ruzuku ni ya serikali kuu ya Marekani, na kiwango cha asilimia 15 kwa gharama hizo kipo kweli kwenye kanuni zake. Kilikuwa 10 mpaka Oktoba 2024, na hutumiwa na taasisi isiyo na kiwango chake ilichokubaliana na serikali hiyo. Lakini hakihesabiwi juu ya kila kitu. Ndani ya bajeti yake kulikuwa na jenereta ya dola 12,000, na kifaa cha thamani hiyo kinatolewa. Kulikuwa na ruzuku ndogo ya dola 60,000 kwa taasisi mshirika. Zinahesabiwa 50,000 za mwanzo, zile 10,000 zinatolewa. Inabaki dola 98,000, na asilimia 15 yake ni dola 14,700. Pengo la dola 3,300 lilikuwa limeshapangiwa matumizi kichwani mwake.

Halafu kuna suala la kulipwa mara mbili. Kama mhasibu yuko kwenye mstari wa mishahara, zile siku 44 zake haziwezi kuwa pia ndani ya kapu la gharama za uendeshaji. Mtumishi wa utawala anaweza kutozwa moja kwa moja pale tu kazi yake ni ya lazima kwa mradi huo na unaweza kuionyesha kwa kidole, na gharama hiyo hiyo huirudishi kwa mlango mwingine. Mishahara ya taasisi anayoiandaa kila mwezi, ukaguzi wa taasisi nzima, mikutano ya bodi: hizo ni za kapuni. Pango la ofisi ni vivyo hivyo. Chagua mlango mmoja, na uutumie kwa wafadhili wote.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wafadhili wametufundisha huu ujanja wenyewe. Umoja wa Ulaya kwenye ruzuku nyingi za misaada ya nje unaweka dari la asilimia 7, na wapo wanaokupa sifuri, kisha wanataka mfumo wa hesabu wa kisasa, sera ya manunuzi, sera ya ulinzi wa watoto na ukaguzi wa nje. Nani atalipa? Malaika? Kwa hiyo watu wanachomeka mkurugenzi asilimia 5 kwenye kila mradi. Naelewa. Lakini anayebeba ule uongo siyo mkurugenzi. Ni yule mhasibu anayeketi usiku akitengeneza karatasi za muda zifanane na asilimia ambazo hakuulizwa wakati zinaandikwa, na jina lililo chini ya karatasi ni lake.

Kwa hiyo nilimuuliza rafiki yangu kuhusu mkurugenzi pia, maana naye alikuwemo. Asilimia 5 ni siku 11. Siku 11 za nini? Akajibu, "Usimamizi wa juu." Nikamwambia usimamizi wa juu ndio hasa unaolipwa na ile 14,700, autoe mstarini.

Jana usiku amenirudishia faili. Mhasibu sasa ni asilimia 20, siku 44, na hesabu zake. Gharama za uendeshaji ziko sawa. Mkurugenzi bado yumo, ila sasa ameandikwa asilimia 4.7.