Paa la pande nne halili bati zaidi, kinachokula hela ni kona

Kuna hii habari kila mtu anairudia, eti paa la pande nne linakula bati kuliko lile la pande mbili. Mi naona tunahesabu kitu sicho.

Chukua paa ambalo ukilitazama toka juu lina mita 12 kwa 8, kingo zote zimo, mteremko digrii 30. La pande mbili, kila upande ni 12 mara 4.62 (hiyo 4.62 ni 4 gawanya kwa cos 30), jumla karibu mita za mraba 110.9. Sasa la pande nne, pande ndefu mbili zinakuwa na juu mita 4 na chini 12, zile fupi ni pembetatu, jumlisha zote unapata 110.9 ileile! Mteremko ukiwa mmoja kila upande, eneo linafuata kivuli cha paa chini, haijalishi umelikunja vipi. Ila kama la pande mbili limebana kingo za ubavuni na la pande nne limetoa kingo kote, hapo kweli bati zitapishana, lakini ni kwa sababu ya kingo.

Gharama iko kwenye mistari. La pande mbili lina mgongo mmoja wa mita 12, basi. La pande nne mgongo unabaki mita 4 (12 toa 8), halafu unaongeza mbao nne za kona, na hapa ndo mafundi wengi wanapotelea, wanachukua mbao ya kawaida ya 4.62 wanazidisha 1.414 wanapata 6.53, wanakata. Sio hivyo. Kinachozidishwa ni umbali wa chini tu, mita 4 inakuwa 5.66, kimo kinabaki kilekile 2.31, maana kona haipandi juu zaidi ya mgongo. Kwa hiyo:

```
sqrt(5.66^2 + 2.31^2) = 6.11
```

Tofauti ni sentimita 42 kila mbao, na usisahau kona inalala digrii 22 hivi, sio 30, ukiikata kichwa kwa 30 haitakaa, utaona mwanya kwenye mgongo.

Kwa hiyo kofia za bati zinatoka mita 12 hadi kama 28.4, bado hujaweka za kupishana. Na bati zote zinazogusa kona zinakatwa mshazari, vipande vingine unavigeuza vinatumika, vingine vinaishia kwenye takataka, hapo ndo watu wanaona "eneo limeongezeka" wakati ni mabaki tu.

Upande wa pili, la pande mbili linakudai zile pembetatu mbili za ukuta juu, kama nyumba ina upana karibu huohuo wa mita 8 ni hadi mita za mraba 18 hivi za tofali na plasta, na hizo sijaona mtu akiziweka kwenye bajeti ya paa.