Liwa, Wali, Maua na Hela

Mwaka 1989 nilikuwa na miaka tisa, naishi Tanga kwa bibi, na Kilingala nilikuwa nakifahamu vizuri sana. Angalau ndivyo nilivyokuwa nawaambia wenzangu. Redio yetu ilikuwa ya mbao, betri zake tunazianika juani zikiisha nguvu, na kila jioni ilipiga nyimbo za Wazaire. Kuna moja kiitikio chake kilinikaa kichwani wiki nzima: *Liwa, oo liwa, nazali na mawa, nalela.*

Hapo palikuwa na ugumu gani? Liwa tunayo nyumbani. Ni ule mti wa harufu, bibi anausugua juu ya jiwe kwa marashi kidogo mpaka utoke uji mzito, anampaka bibi harusi usoni. Halafu "na wali na maua". Halafu "na hela". Liwa, wali, maua, hela: basi kama huo si wimbo wa harusi, ni wa nini?

Nikautengeneza kidogo palipokuwa hapajanyooka, nikawafundisha watoto wa mtaa, na mama mdogo alipokaribia kuolewa tukawa tumeiva. Siku yenyewe yeye yumo chumbani, uso umepakwa liwa mpaka kwenye kope, ameambiwa asizungumze wala asicheke mpaka ikauke. Sisi uani tunaimba. Akina mama wakaupenda, wakaudaka, wakaongeza vigelegele. Somo wake mama mdogo akaweka na kiuno.

Bendi ya kupiga usiku ilikuwa imeshafika kufunga vyombo, na mpiga gitaa wake alikuwa Mzaire. Nilimwona akisimama ghafla, waya mkononi. Akatusikiliza. Akaweka waya chini, akavua kofia, akaja taratibu mpaka kwa bibi, akainama.

"Mama, pole sana."

"Nishapoa, mwanangu. Kazi nyingi, lakini tutafanyaje."

"Yeye yuko wapi?"

"Yumo ndani, wanamtengeneza."

Akatikisa kichwa. Akatoa noti ya shilingi mia, akamtia bibi kiganjani kwa mikono miwili. Bibi akadhani ni tunzo, akapiga kigelegele hapohapo, sikioni mwake. Yule bwana alirudi nyuma hatua nzima. Lakini ni mgeni, na mgeni hashangai mila za watu, akaendelea.

"Wanamtoa saa ngapi?"

"Baada ya isha."

"Usiku?" Sauti ilimkauka. "Wanampeleka mbali?"

"Pangani. Gari imeshalipwa."

"Na aliumwa siku nyingi?"

"Nani, huyu? Hajaumwa hata jino! Jana kala sahani mbili za wali."

Hapo akakaa kwenye kibao cha mbuzi, bila kukitazama. Kile kibao kina meno. Aliruka, akapiga ukelele wa Kilingala ambao mimi, mtaalamu, sikuuelewa, na ngoma ikasimama.

Katika kuulizana ndipo ikajulikana. Nikaitwa mbele ya watu. Bwana yule, mkono mmoja umeshika makalio, akanitaka niimbe polepole, naye akawa anafasiri neno baada ya neno. *Nazali*: mimi niko. *Mawa*: huzuni. *Nalela*: ninalia.

"Na liwa?" bibi akauliza, na jiwe lake bado lipo mapajani.

"Liwa ni kifo, mama."

Kimya. Akina mama wakatazamana. Tangu asubuhi walikuwa wakimkatikia bibi harusi kwa "ewe kifo, ewe kifo", na somo alikuwa ameurudia ubeti huo mlangoni kwake mara saba kwa madaha. Mimi nikajaribu kujitetea kwamba huenda Wazaire ndio waliokosea, maana liwa kila mtu anaijua. Nilipewa kofi la kisogo kabla sijamaliza.

Ndipo tukasikia sauti chumbani, kama mtu anayepaliwa. Mama mdogo alikuwa amevumilia weee, mpaka yakamshinda. Alicheka mpaka liwa yote ikapasuka usoni, vipande vinaanguka kwenye kanga kama chokaa ya ukuta mkongwe. Somo akamlaani, kisha akaanza kucheka yeye.

Mpiga gitaa, akiona hakuna aliyekufa, akageukia kwa adabu suala la ile mia yake.

"Mwanangu," bibi akamwambia huku anaifunga kwenye pindo la kanga, "rambirambi hairudishwi."

Liwa ikabidi isagwe upya. Nikakalishwa chini mimi, jiwe mbele yangu, nisugue mpaka mkono ufe ganzi. Baada ya muda nikajisahau, nikaanza kuimba kwa chinichini.

"Wewe!" bibi akafoka kutoka jikoni. "Kama huna wa Kiswahili, piga mluzi!"