Hiyo MPa 360 ya seramiki yako siyo nguvu ya kuvutwa, tuache kudanganyana

Kuna kitu kinanikera kwenye karatasi za sifa za seramiki na hata kwenye ripoti za wanafunzi, mtu anapima kijiti cha alumina kwa kukipinda, anapata namba nzuri, halafu anaichukua hiyo namba anaiweka kwenye hesabu ya kipande kitakachovutwa, kana kwamba kupinda na kuvuta ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja jamani, na tofauti yake siyo asilimia mbili tatu, inaweza kukaribia nusu.

Tuanze na kipimo chenyewe maana hapo hakuna uchawi. Kijiti kina upana wa mm 4 na kimo cha mm 3, kimelala juu ya rola mbili zilizoachana mm 40, halafu rola ya tatu inakuja kutoka juu kukandamiza katikati taratibu, kama nusu milimita kwa dakika, mpaka kinaposema paa. Tuseme kimevunjika kwa niutoni 216. Hesabu ni hii:

```
sigma = 3*F*L / (2*b*d^2)
      = 3*216*40 / (2*4*3^2)
      = 25920 / 72
      = 360 MPa
```

F ni nguvu ya kuvunjia, L ni umbali kati ya rola za chini (siyo urefu wa kijiti, watu wanakosea sana hapo), b ni upana na d ni kimo, yani upande ule unaosimama kuelekea nguvu inakotoka. Kwa sababu d iko kwenye mraba ndiyo inayoharibu kazi za watu. Kijiti kikiwa na mm 2.9 kweli ila wewe umeandika 3 kwa kukisia, jibu sahihi lilikuwa 385, umepoteza karibu asilimia 7 kwa uvivu wa kushika maikromita. Na ukigeuza b na d kwenye fomula unapata 270, hiyo nayo inatokea kuliko unavyodhani.

Fomula inakubalika kwa seramiki kwa sababu kwenye joto la kawaida hainyumbuki ikabaki imepinda kama chuma, inapanda mstari ulionyooka mpaka inavunjika. Kwa hiyo hiyo 360 ni mkazo wa kweli kabisa, ila ni wa wapi? Hapa ndipo utamu ulipo. Ni mkazo wa uso wa chini wa kijiti, tena pale chini ya rola ya katikati tu. Ukipanda juu kuelekea katikati ya kimo mkazo unashuka mpaka sifuri, ukivuka hapo unakuta mgandamizo. Ukienda pembeni kuelekea rola za chini nako unashuka mpaka sifuri. Yani nusu nzima ya juu haivutwi hata kidogo, na nusu ya chini sehemu kubwa inavutwa kidogo kidogo tu.

Sasa seramiki inavunjika kwa kasoro. Kitobo kilichobaki wakati wa kuchoma, chembe iliyokua kuliko wenzake, mkwaruzo wa jiwe la kusagia. Haivunjiki kwa sababu wastani wa kila kitu umechoka, inavunjika pale kasoro moja inapokutana na mkazo unaoitosha kufunguka kuwa ufa, na ufa ukianza hakuna wa kuuzuia. Kwenye kipimo cha kupinda, kasoro mbaya ikikaa juu ya kijiti au karibu na ncha hainaga madhara, imekaa mahali ambapo hakuna mtu anayeivuta. Ila ukikivuta kijiti hichohicho kwa ncha zake, mkazo unakuwa sawa kila sehemu, na ile kasoro mbaya kuliko zote itapatikana popote ilipojificha.

Msweden Weibull ndiye aliyeliweka hili kwenye hesabu mwaka 1939, na namba yake m inasema vijiti vinatawanyika kiasi gani, m ikiwa ndogo ina maana matokeo yanarukaruka sana. Kwa kasoro zilizotawanyika ndani ya mwili, ujazo unaopimwa kikweli kwenye rola tatu ni huu:

```
V_eff = V / (2*(m+1)^2)
```

Tuchukue m = 10, ambayo siyo ajabu kwa seramiki ya kawaida. Ujazo kati ya rola ni 3 × 4 × 40, sawa na mm 480 za ujazo. Gawanya kwa 242 unapata kama 2. Mbili! Umesaga kijiti kizima, ukakipima kwa makini, umevunja, na kumbe kitakwimu umejaribu kipande cha milimita mbili za ujazo tu. Hapo mtu anashangaa nini namba ikiwa kubwa?

Kupata nguvu ya kuvutwa ya ujazo uleule unagawanya kwa 242 iliyopandishwa kwa moja ya kumi, yani 1.73, kwa hiyo 360 inashuka kuwa kama 208. Na kipande chako halisi kikiwa kikubwa mara kumi ya hapo, inashuka tena mpaka kama 165. Seramiki ni ileile, hakuna aliyeiharibu. Ukitumia rola nne, mbili juu zikiachana mm 20 na mbili chini zikiachana mm 40, ungepata kama 300, kwa sababu kati ya rola za juu mkazo unakaa sawa na kasoro nyingi zaidi zinapata zamu. Ndiyo maana mi nikiona namba ya rola tatu ya kampuni moja inashindanishwa na ya rola nne ya kampuni nyingine nafunga tu ukurasa.

Utauliza basi kwa nini tusivute moja kwa moja. Jaribu uone. Kijiti chako cha mm 3 kikishikwa nje ya mstari kwa 0.1 mm tu, mkazo wa upande mmoja unaongezeka asilimia 20 kwa kupinda ambako hukukuona, na taya za mashine nazo zinaweza kukiuma kikavunjika kwenye mshiko. Kupinda ni rahisi na kijiti ni cha bei nafuu, sikatai, na kwa kulinganisha tanuri la wiki hii na la wiki iliyopita rola tatu zinatosha kabisa.

Ila hesabu ya m = 10 nayo ina masharti. Nimesema kasoro za ndani ya mwili, kama vijiti vinavunjikia kwenye mikwaruzo ya usoni basi cha kuhesabu ni eneo siyo ujazo, na fomula inabadilika. Ukisaga kwa kukatisha upana badala ya kufuata urefu umejitengenezea nyufa zilizokaa vibaya kabisa kwa mvuto, na kingo zisipochongwa kidogo kijiti kitaanzia kuvunjika kwenye kona. Kwa hiyo usitupe vipande. Viangalie kwa hadubini, tafuta ufa ulikoanzia, pima uko mbali kiasi gani na katikati. Ukianzia mm 4 pembeni kwa mfano, mkazo wa pale haukuwa 360, ulikuwa 360 mara 16 gawanya kwa 20, yani 288, na hiyo ndiyo namba ya kuipeleka kwenye hesabu ya ukubwa wa ile kasoro.